Yai la Uvunguni

Leo kona yetu naitumia kumjibu mtu mmoja, ila najua walimu na wazazi wengi mtachungulia, na karibuni. Mdogo wangu wa Bariadi, anayefundisha Darasa la Tatu, ameniandikia kwamba anatengeneza kijitabu cha methali kwa watoto wake wa miaka 8. Kila ukurasa una methali moja, picha moja na maswali mawili matatu. Kurasa 10 ziko tayari na amezijaribu darasani. Kilichomvunja moyo anakieleza hivi: "Dada, kila methali nikiwauliza tunajifunza nini, wanaitikia kwa pamoja, tufanye kazi kwa bidii. Hata ile ya kidole kimoja hakivunji chawa wamesema tufanye kazi kwa bidii. Nimekosea wapi?"

Picha zako nimezitazama vizuri, mdogo wangu. Mkono wako ni mzuri, uchoraji hauna shida. Shida ni kitu ulichochagua kuchora. Kwenye "Mtaka cha uvunguni sharti ainame" umechora kijana anasoma kwa kibatari, na pembeni yule yule amevaa joho siku ya mahafali. Uvungu sikuuona, wala kitanda, wala mtu aliyeinama. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtoto wa miaka 8. Masikio yanasikia habari za uvunguni, macho yanaona joho, na mwalimu anauliza tunajifunza nini. Vitu hivyo vitatu havikutani popote. Mtoto anafanya analolijua: anatafuta jibu ambalo walimu hulipenda, na tangu Darasa la Kwanza ameshagundua kwamba "kazi kwa bidii" halikataliwi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na mengine yote yanatoka humo, ni huu: chora maneno ya methali, maana usiichore. Methali imekuja na picha yake tayari. Aliyeitunga aliona kitanda, akaona mtu anapiga magoti, ndipo akasema. Wewe mrudishie mtoto kile kitanda. Mtoto wa umri huu anashika kwanza kile ambacho jicho linakiona, halafu ndipo anapoanza kuvuka, kwa kusukumwa kidogo, kwenda kwenye jambo jingine linalofanana nacho. Ukimchorea maana umemnyima daraja, umemweka ng'ambo bila yeye kujua ametoka wapi.

Tuianze upya hiyo hiyo ya uvunguni. Chora kitanda, na chini yake chora kitu ambacho mtoto anakitaka. Kitu gani? Hapa ndipo penye kazi. Mimi zamani nilichora mpira. Nikauliza, "Mtoto afanye nini aupate?" Mmoja akasema achukue fimbo auvute. Mwingine akasema aite wenzake wasogeze kitanda. Wa tatu akasema asubiri mdogo wake, yeye ni mfupi, aingie. Wote walikuwa na akili nzuri kabisa, na methali yangu ikafa pale pale, kwa sababu picha yangu iliacha mlango wa nyuma wazi. Mtaka cha uvunguni alikuwa amekipata na hakuinama.

Nikabadilisha mpira nikaweka yai. Vijijini kwenu Bariadi kuku kutagia uvunguni ni jambo la kila siku, mtoto hahitaji kuelezwa. Sasa fimbo inafaa? Haifai, yai litavunjika. Tusogeze kitanda? Mguu wa kitanda utaliponda. Inabaki kuinama, tena polepole, uso ukaribie sakafu. Watoto walifika wenyewe kwenye lile neno "sharti", bila mimi kulifafanua. Ndiyo maana nakwambia kitu unachokichora kina uzito kuliko ufundi wa kukichora. Kabla hujaweka wino, jiulize: mtoto mjanja anaweza kukipata kitu hiki kwa njia nyingine? Kama anaweza, badilisha kitu.

Na maswali yake yakae hivi. La kwanza: "Yai liko wapi?" Usilidharau kwa wepesi wake. Ni la yule anayekaa nyuma ambaye hajanyoosha mkono wiki nzima, jibu analiona kwa macho. La pili: "Kwa nini asitumie fimbo?" Hili linawafanya wafikiri ndani ya picha. La tatu ndilo la kuvuka: "Nyumbani kwenu, ni kitu gani hukipati mpaka ujisumbue kidogo?" Mmoja atasema maji ya kisimani. Mwingine atasema kuni. Mwingine atasema kujua kuendesha baiskeli ya baba, kwa sababu ukiogopa kuanguka hujui. Huyo wa baiskeli ameshaielewa methali kuliko darasa zima lililokariri maana, na hakuna aliyemtajia neno bidii.

Maswali matatu yanatosha. Kila moja lisizidi pumzi moja, na lisiwe la kujibiwa ndiyo au hapana. "Je, ni vizuri kuwa mvivu?" hilo si swali, ni kiitikio.

Sasa nije kwenye picha yako ya pili, maana nina hakika ndiyo itakayopendwa kuliko zote ukiirekebisha: "Mchumia juani hulia kivulini." Kwenye mkoa wa pamba kama Simiyu methali hii ni ya nyumbani kabisa. Watoto wako wanajua kuchuma kwa vidole vyao, wanajua maganda ya pamba yanavyokwaruza, na jua la saa saba wanalijua. Ila umeniambia nusu ya darasa walichora mtu analia machozi chini ya mti, na wewe ukawasahihisha kwamba hawakusikiliza. Hapana, mdogo wangu. Walisikiliza vizuri mno. Wamesikia "hulia," na kwa mtoto kulia ni machozi. Ukitazama kwa haki, picha yao ina mantiki: mtu kachoka na jua, kaenda kivulini kulia.

Lile "hulia" linatokana na kula: ni kula mahali fulani, au kwa kutumia kitu fulani. Usiwape sarufi. Waambie wanyooshe mkono wa kulia. Kisha uliza, "Huu unaitwa wa kulia, unalia machozi?" Watacheka. "Basi unafanyia nini?" Watasema tunalia ugali. Hapo umemaliza. Kulia kivulini ni kula ukiwa kivulini, kama mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Na kwa kuwa wengi wao nyumbani wanaongea Kisukuma, una msaada mwingine pale pale mdomoni mwao: kula ni kulya, kulia machozi ni kulila. Mwache mtoto aseme mwenyewe kwa Kisukuma ni lipi kati ya hayo mawili lililo kwenye methali. Akiweza kuchagua, ameelewa. Najua shule nyingine hazipendi lugha ya nyumbani isikike darasani, lakini dakika mbili za kupima uelewa hazimharibii mtoto Kiswahili chake. Zinakuonyesha kama anashika maneno au anaimba tu.

Picha ya methali hii haiwezi kuwa moja, kwa sababu ina nyakati mbili. Gawa ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto mama na mtoto wako kwenye mistari ya pamba, viroba viunoni, jua liko juu kabisa. Kulia, na hapa usikosee, ni mama yule yule na mtoto yule yule, wameketi chini ya mwembe wanakula michembe na karanga. Mpe mama kilemba chenye mistari kwenye picha zote mbili, mtoto mpe kaptula yenye kiraka, ili ajulikane ni yeye. Nasema usikosee kwa sababu upande wa kulia wa ukurasa wako umechora mzee mnene amekaa kivulini na sahani ya wali, na mtoto akikuambia, "Mwalimu, wengine wanachuma, huyu anakula," atakuwa amesoma picha yako sawasawa. Hata picha ikiwa safi, bado mtoto anaweza kuuliza kwa nini bibi yake amechuma miaka yote na kivuli hajakiona. Usimzime. Methali ni neno la mtu aliyeona jambo likitokea mara nyingi, na mtoto ana haki ya kusema yeye ameona lingine. Mwambie, "Hebu tueleze," kisha sikiliza.

Maswali: "Mama amevaa nini kwenye picha zote mbili?" Ukipata jibu la kilemba, ujue wameona kwamba ni mtu mmoja, na bila hilo methali haisimami. Halafu: "Picha ipi ilitangulia, umejuaje?" Halafu la kuvuka: "Taja kitu ulichokifurahia baada ya kuchoka." Na kama una nafasi, wape karatasi tupu iliyogawanywa vivyo hivyo wachore vya kwao. Mmoja atachora kuchunga kisha maziwa. Mwingine atachora kuchota maji kisha kuoga. Hiyo ndiyo kazi yako ya kusahihisha, si daftari lenye sentensi "methali hii ina maana kwamba."

Picha yako ya tatu imenifanya nitabasamu, ile ya "Mafahali wawili hawakai zizi moja." Umesema mtoto mmoja alisimama akasema si kweli, kwao wako wanne na wanakaa. Ukamwambia akae. Mrudie yule mtoto kesho asubuhi, tafadhali. Yeye anachunga, wewe na mimi hatuchungi. Muulize wale wanne ni mafahali kweli au ni maksai wa kukokota jembe. Atakueleza tofauti yake mbele ya wenzake, na ataeleza vizuri: maksai wamehasiwa, wanavaa nira moja na kulala pamoja, lakini dume lililokomaa likikutana na dume jingine lisilolizoea, vumbi linapanda. Darasa likishasikia hivyo kutoka kwa mwenzao, methali inakuwa imeshikiliwa na mtu anayeijua. Na wewe kwenye picha yako hakikisha mafahali wanaonekana ni mafahali: nundu kubwa, shingo nene, pembe zimeinamishwa. Kwenye kijitabu cha watoto wa Simiyu huwezi kuchora ng'ombe wa mashaka. Watakuhesabia hadi kwato.

Tuseme kidogo juu ya kuchagua, maana umeniuliza zipi uongeze. Pima kila methali kwa jambo moja: je, kitu kilichotajwa mtoto amekiona? "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" ni tamu, lakini tezi, omo na ngama ni sehemu za chombo cha baharini. Mtoto wa Bariadi ambaye hajafika hata Lamadi kuona mtumbwi wa ziwani atahitaji somo zima la jahazi kwanza. Iache, ataikuta akikua. Lakini usikimbie kila neno geni. "Haba na haba hujaza kibaba" ibakize. Kibaba ni kipimo cha zamani cha nafaka, vinne vyake vinafanya pishi moja. Lete kopo darasani, waambie kibaba kilikuwa chombo cha kupimia kama hiki, kisha watoto waingie mmoja mmoja kila mtu na gao dogo la mahindi walilogawiwa, wamimine mpaka kopo lifurike. Kwenye picha chora kopo linalojaa, lakini maneno usiyabadilishe yawe "hujaza kopo." Nimeona wanaofanya hivyo kwa nia njema. Mlio wa haba na kibaba ndio unaoifanya ikae kichwani, ukiutoa umebaki na sentensi ya kawaida.

Kuna nyingine usiziweke hata kama zinachoreka vizuri. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ina picha rahisi, lakini angalia darasani kwako kama yupo anayetembea kwa gongo, maana wenzake watamgeukia kabla hujamaliza kusoma. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" mbele ya mtoto anayelelewa na bibi ni jambo la kufikiria mara mbili. Na "Ng'ombe wa maskini hazai" iache kabisa. Mahali ambapo familia hupimwa kwa zizi lake, kumwambia mtoto wa miaka 8 kwamba ng'ombe wao hatazaa kwa sababu ya umaskini wao ni kumjeruhi, na hakuna swali la majadiliano litakalotibu.

Umesema darasa ni watoto zaidi ya 80 na kijitabu ni kimoja. Basi ukurasa wa A4 ulioinuliwa mbele hautoshi, wa mistari ya nyuma wataona karatasi tu. Picha ya darasa zima ichore ubaoni kwa chaki, kubwa, mistari minene kama kidole, bila mapambo. Nyumba nyuma, ndege angani na maua pembeni vinakula macho ya watoto, nao watazungumzia ndege. Au chora mara moja upande wa ndani wa mfuko mtupu wa saruji uliokung'utwa vizuri na kufutwa vumbi. Karatasi yake ni ngumu na inakunjika, kwa hiyo utaitumia hata mwakani. Tumia wino mzito, penseli haitaonekana. Kijitabu kiache kizunguke kwenye vikundi vya watoto sita, na muda ukibana tengeneza kadi: nusu moja ya methali kwenye kadi moja, nusu nyingine kwenye kadi ya pili, pamoja na picha iliyokatwa katikati. Mwenye "Mtaka cha uvunguni" na kitanda atamtafuta mwenye "sharti ainame" na mtoto aliyeinama. Hata anayesoma kwa shida anaingia kwenye mchezo kupitia mistari ya picha, na kwa kuunganisha anasoma bila kujijua.

Kila picha uijaribu kabla ya kuipeleka darasani. Funika maneno, muonyeshe mtoto yeyote wa jirani, muulize, "Nini kinatokea hapa?" Usiongeze neno. Akisema "mtoto anatafuta yai chini ya kitanda," picha imefaulu. Akisema "mtoto anasali," ujue magoti umeyachora vizuri lakini yai halionekani, lifanye kubwa. Mtoto mmoja hatoshi, jaribu kwa watatu.

Na ukiuliza swali, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Najua ukimya huo ni mrefu kwa mwalimu, mdomo unawasha, unataka kusaidia. Vumilia. Wanaonyoosha mikono kabla hujafika tatu ni wale wale wa kila siku. Wengine wanatafsiri kwanza kichwani kutoka Kisukuma, wanapanga maneno, na wanafika ukiwa kwenye saba au nane. Waache kwanza waongee wawili wawili, kwa lugha wanayoitaka, kisha jozi moja iseme kwa Kiswahili. Mtoto akisema "balaka" badala ya "baraka," usimkatize katikati ya wazo. Kisukuma hakina hiyo sauti ya r, ataizoea kwa kuisikia kwako. Mrudishie wazo lake ukilitamka wewe sawasawa, endelea.

Lile swali la "tunajifunza nini" lifute kwenye kurasa zote 10. Badala yake, siku tatu baadaye, tengeneza tukio dogo. Chaki imeanguka nyuma ya kabati, sema kwa sauti, "Jamani, chaki yangu imeingia kule nyuma, naiona lakini mkono haufiki." Kisha subiri. Akitokea mmoja akasema "Mwalimu, mtaka cha uvunguni," umepata jibu ambalo hakuna mtihani ungekupa. Asipotokea, usikasirike na usiwakumbushe. Irudie picha ya yai wiki inayofuata.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama uandike maana ya methali nyuma ya kila picha ili mwalimu mwingine atakayekuja asipate shida. Mimi ningepaacha patupu. Siku mkishazungumza, andika pale tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyasema: baiskeli ya baba, maziwa baada ya kuchunga, mafahali wanne wa kwao. Mwalimu atakayekuja ataanza na hayo. Nitumie picha ya yai ukishaichora, nione kama umeliweka mbali na mguu wa kitanda.